Ombi la Kulipa Ada ya Muhula wa Kwanza kwa Awamu

Mwanaidi Salum,
Mzazi wa Neema, Kidato cha Tatu.
12 Januari 2026

Mhasibu wa Shule,
Ofisi ya Uhasibu.

Ndugu Mhasibu,

YAH: OMBI LA KULIPA ADA YA NEEMA, KIDATO CHA TATU, KWA AWAMU NNE KATIKA MUHULA WA KWANZA 2026

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa Neema, mwanafunzi wa bweni anayeanza Kidato cha Tatu muhula huu. Kwa mujibu wa maelekezo tuliyopewa wakati wa kufunga shule, ada ya muhula wa kwanza ni shilingi 600,000, nayo hutakiwa iwe imelipwa yote siku mwanafunzi anaporipoti. Kiasi hicho sinacho chote kwa sasa. Naomba nikubaliwe kukilipa kwa awamu nne, ambazo ya kwanza nimekwisha kuilipa leo asubuhi, na ya mwisho itaingia juma moja kabla ya shule kufungwa, kwa mpangilio huu:

12 Januari 2026: shilingi 200,000 (imelipwa, hati ya benki imeambatishwa)
6 Februari 2026: shilingi 120,000
6 Machi 2026: shilingi 180,000
27 Machi 2026: shilingi 100,000

Mchango wa mitihani na fedha ya tahadhari nililipa Desemba, na stakabadhi zake ninazo. Hatuna deni la miaka miwili iliyopita.

Hadi mwishoni mwa mwaka jana ada ya Neema ilikuwa ikitoka kwenye mshahara wa baba yake, ambaye ni dereva wa lori, na mapato yangu ya ushonaji yalikuwa yakienda kwenye kodi ya nyumba, chakula na mahitaji ya wadogo zake wawili. Mkataba wa kazi wa baba yake ulikwisha tarehe 30 Novemba na mwajiri hakuuongeza. Tangu wakati huo anapata vibarua vya kuendesha magari ya watu, juma moja safari mbili, juma jingine hakuna kabisa, na kwa hiyo kipato pekee ninachoweza kukitegemea kwa tarehe inayojulikana ni cha cherehani zangu pamoja na akiba yangu kwenye kikundi. Mpango huu nimeujenga juu ya vitu hivyo viwili tu.

Naomba nieleze kila awamu inatoka wapi, kwa sababu najua ofisi yako hupokea ahadi nyingi na ni haki yako kujua kama hii ina msingi.

Shilingi 200,000 niliyolipa leo ni fedha ya sare za shule nilizoshona Desemba na siku za mwanzo za mwezi huu, ambacho ndicho kipindi ninachopata wateja wengi kuliko vingine vyote. Nimeilipa kabla ya kupata jibu lako, na haitegemei jibu hilo.

Awamu ya Februari ndiyo ngumu kupatikana kuliko zote, na nisingependa kuificha hali hiyo. Baada ya shule kufunguliwa kazi ya sare hukatika ghafla, na kwa wiki kadhaa mtu huishi kwa kubana nguo na kubadilisha zipu. Hata hivyo nina kazi moja ya mapazia ya nyumba nzima, vipande kumi na vinne, ambayo mteja amekwisha kutoa malipo ya awali yaliyotosha kununua kitambaa chote, na atamalizia shilingi 90,000 siku ya kukabidhiwa mzigo, yaani tarehe 31 Januari. Vipande tisa viko tayari na vimepigwa pasi. Shilingi 30,000 iliyobaki itatoka kwenye kazi ndogondogo za kila siku, ambazo hata katika mwezi mbaya huniachia zaidi ya hapo baada ya matumizi ya nyumbani.

Awamu ya 6 Machi ni kubwa kuliko zile mbili zinazoizunguka kwa sababu kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinagawana akiba tarehe 28 Februari. Daftari langu la hisa linaonyesha shilingi 165,000, sina mkopo wowote ninaodaiwa na kikundi, na siku ya mgawo haijawahi kuahirishwa tangu nijiunge. Faida ya mikopo huongezwa juu ya hisa, lakini kiasi chake hakijulikani mpaka hesabu zifungwe, kwa hiyo sikuiweka kwenye mpango. Shilingi 15,000 inayopungua nitaiongeza mwenyewe. Nimeambatisha nakala ya ukurasa wa daftari wenye mhuri na saini ya mweka hazina wa kikundi.

Shilingi 100,000 ya mwisho itatoka kwenye ushonaji wa mwezi Machi. Mwaka huu Idi na Pasaka zinakaribiana sana, na watu wataanza kuleta vitambaa mapema mwezi huo. Kwa uzoefu wangu wa kazi hii kiasi hicho ni cha chini kuliko ninachotarajia, na nimekiweka chini kwa makusudi.

Mwajiri wa zamani wa baba yake Neema ameahidi kulipa mafao ya mwisho wa mkataba mwishoni mwa Februari. Fedha hiyo ikipatikana ingetosha kumaliza ada yote, lakini sikuihesabu hata senti moja, kwa kuwa haimo mikononi mwetu na tarehe yake imekwisha kusogezwa mara moja. Endapo italipwa, nitaleta salio lote ndani ya siku tatu bila kungoja tarehe zilizoandikwa hapo juu. Ndugu zetu wengine walishauri niuze cherehani moja kati ya mbili nilizonazo ili nimalize ada sasa. Nimelifikiria hilo kwa uzito na nimeona kwamba lingelipa muhula huu na kuuharibu unaofuata, kwa sababu cherehani ya pili ndiyo anayoitumia msaidizi wangu, na bila yeye nisingeweza kuimaliza kazi kubwa kama hii ya mapazia kwa wakati.

Naelewa kwamba ada inayochelewa ina gharama kwa shule. Wanafunzi wa bweni hula kila siku, wazabuni wa chakula hudai kila mwezi, na watumishi wanaolipwa kutokana na ada nao wana watoto wanaosoma. Ndiyo sababu nimepanga kwamba kufikia tarehe 6 Machi shule iwe imepokea shilingi 500,000 kati ya 600,000, ili sehemu kubwa ya mzigo isibaki kwenu hadi mwisho wa muhula.

Iwapo ombi hili litakubaliwa, naomba mambo machache yaambatane nalo. Kwanza, maadamu awamu zinalipwa kwa tarehe zake, Neema asirudishwe nyumbani kufuata ada, aruhusiwe kufanya mitihani ya katikati na ya mwisho wa muhula, na taarifa yake ya maendeleo isizuiwe. Kidato cha Tatu ndipo masomo yanapoongezeka uzito, na wiki mbili za kukaa nyumbani huchukua muda mrefu kufidiwa kuliko siku zenyewe zilizopotea. Pili, naomba kila suala la ada hii niulizwe mimi au baba yake, na jina lake lisisomwe mstarini pamoja na ya wanaodaiwa. Neema anajua kwamba baba yake hana kazi ya kudumu kwa sasa na anajua tumekuandikia. Likizo hii alianza kuuliza kama ingekuwa nafuu ahamie shule ya kutwa, na alikuwa akiuliza kwa upole wa mtoto anayejaribu kutupunguzia mzigo. Tumemwambia kazi yake ni kusoma, na ya ada ni yetu. Nakuomba utusaidie kulilinda neno hilo.

Kwa upande wangu, kila malipo nitayaweka benki kwenye akaunti ya shule, nikiandika jina la mwanafunzi na kidato chake kwenye hati ya malipo, na siku hiyohiyo nitakutumia picha ya hati kwa simu ili fedha isikae kwenye akaunti bila mwenyewe kujulikana. Hati halisi nitaileta siku ya kutembelea wanafunzi na kuchukua stakabadhi ya shule. Naomba pia tulinganishe kumbukumbu zetu mara moja, baada ya malipo ya 6 Machi, ili kama kuna tofauti ionekane mapema wakati wa kuirekebisha ungalipo.

Likitokea jambo la kuzuia malipo, kwa mfano mteja wa mapazia akichelewa kumalizia, nitakujulisha angalau siku tano kabla ya tarehe husika, na tarehe yenyewe nitaleta kiasi chochote kilichopo badala ya kukaa kimya nikingoja kitimie. Kikundi chetu kinafungua mzunguko mpya wa mikopo wiki ya kwanza ya Machi, na mwanachama asiye na deni anaruhusiwa kukopa. Nitakopa huko kabla ya kurudi kwako kuomba tarehe nyingine. Nikishindwa kulipa awamu yoyote na nikashindwa pia kukujulisha, nitakuwa nimevunja makubaliano, na shule itakuwa na haki ya kunitaka nilipe salio lote mara moja.

Ombi hili ni la muhula wa kwanza peke yake. Siwezi leo kusema kwa uhakika tutalipaje muhula wa pili, kwa kuwa inategemea kama baba yake atakuwa amepata kazi, na sitaki kuahidi jambo nisilolijua. Ninaloweza kuahidi ni kwamba nitafika ofisini kwako wiki mbili kabla ya muhula huo kuanza, tukae na kulizungumza wakati shule ingali imefungwa.

Kama tarehe au viwango hivi havikai vizuri na utaratibu wa shule, niko tayari kusikia mapendekezo yako. Tarehe naweza kuzisogeza kwa siku chache. Awamu ya Februari, hata hivyo, siwezi kuiongeza zaidi ya 120,000 bila kudanganya. Ningeshukuru kupata jibu la maandishi, hata la mistari miwili lenye mhuri, ili sote tuwe na kumbukumbu moja. Iwapo utapenda tuonane kwanza, naweza kufika siku yoyote ya kazi kabla ya saa sita mchana, na baba yake Neema atafika nami akiwa hayuko safarini.

Natanguliza shukrani zangu kwa muda utakaotumia kulisoma na kulifikiria ombi hili.

Wako katika malezi ya mtoto,

Mwanaidi Salum
Mama mzazi wa Neema, Kidato cha Tatu

Viambatisho: hati ya benki ya tarehe 12 Januari 2026 ya shilingi 200,000, nakala ya ukurasa wa daftari la hisa la kikundi, nakala ya barua ya kumalizika kwa mkataba wa kazi wa baba mzazi.

Nakala: Mkuu wa Shule.