YAH: KUSOGEZWA MBELE KWA MTIHANI WA MAJARIBIO WA KIDATO CHA NNE

Ofisi ya Mkuu wa Shule
Alhamisi, 19 Juni 2025

Kwa watahiniwa wa Kidato cha Nne, wazazi na walezi,

Salaam.

Mtihani wa majaribio uliokuwa ufanyike kuanzia tarehe 16 hadi 26 Juni sasa utaanza Jumanne, tarehe 24 Juni, na kumalizika Ijumaa, tarehe 4 Julai 2025. Tarehe za mtihani wa taifa hazihusiki kabisa na barua hii. Hizo hazipangwi na shule, na hakuna aliyezigusa. Nimelazimika kulisema hili mapema kwa sababu tangu juzi napokea simu za wazazi walioambiwa vinginevyo.

Kama mjuavyo, umeme ulikatika shuleni Alhamisi iliyopita, tarehe 12, saa 3 usiku. Tuliambiwa transfoma inayohudumia upande wetu imeungua na kwamba mafundi wangekuja kesho yake. Umeme umerudi jana saa 10 jioni. Katika siku hizo pampu ya kisima haikufanya kazi, maabara zikakosa maji, na wanafunzi wa bweni hawakuwa na taa za kujisomea usiku. Mishumaa niliipiga marufuku mabwenini tangu usiku wa kwanza na sijutii.

Karatasi nyingi za mtihani zilikuwa bado hazijarudufiwa. Wapo walioshauri tuzipeleke kwenye duka la fotokopi mjini. Nilikataa. Mtihani ukishapita mikononi mwa watu wasioapishwa, hakuna wa kutuhakikishia kwamba haukupigwa picha. Jenereta letu nalo ni dogo: linamudu taa za ofisi na kompyuta mbili, ila mashine ya kurudufu huvuta umeme mwingi inapopasha moto, na fundi alituonya kwamba tungeweza kuviharibu vyote viwili.

Sasa nije kwenye jambo la Jumatatu, ambalo lawama yake ni yangu. Karatasi ya Kiswahili ilikuwa tayari, nikaamua tuanze nayo kama ratiba ilivyosema. Watahiniwa waliingia ukumbini saa 2:30 asubuhi. Baada ya dakika kama arobaini wingu lilitanda, na wale waliokaa upande wa ukuta wakawa wanainua karatasi usoni ili wasome. Watahiniwa wawili wenye uoni hafifu, ambao hutumia mashine ya kukuza maandishi, walikuwa wamekaa tu tangu mwanzo, kwani mashine zao hazifanyi kazi bila umeme. Nilipoliona hilo nilisimamisha mtihani. Nilipaswa kuliona kabla ya kufungua bahasha, na ninawaomba radhi watahiniwa wote, hao wawili kwanza.

Majibu yaliyoandikwa asubuhi ile hayatasahihishwa. Najua hili limewauma baadhi yenu. Binti mmoja alikuja ofisini akaniambia insha yake ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na sina sababu ya kumbishia. Lakini bahasha ikishafunguliwa mbele ya watahiniwa, siri ya karatasi hiyo imekwisha, na wenzake wangefanya mtihani wenye maswali ambayo tayari yanajadiliwa bwenini. Walimu wa Kiswahili wanatunga karatasi mpya. Anayetaka insha yake arudishiwe kama kumbukumbu, aende kwa mwalimu wa taaluma.

Kuna mzazi aliyeniuliza kwa nini tusianze kesho, maadamu umeme umerudi. Wanafunzi wa bweni wamekosa vipindi vya usiku kwa siku sita, ilhali baadhi ya wale wa kutwa wanaishi mitaa ambayo umeme haukukatika. Kuwapa wote karatasi ile ile kesho kungetuonyesha nani alikuwa na taa, nasi tunataka kujua nani amelielewa somo na nani bado anahitaji msaada kabla ya mtihani wa taifa. Siku zilizobaki hadi Jumatatu, vipindi vya usiku vya bweni vitaongezwa saa moja. Mtahiniwa wa kutwa anayetaka kubaki shuleni hadi saa 12 jioni anaruhusiwa, mradi mzazi wake aandike barua fupi.

Mpangilio wa masomo ya nadharia haukubadilika: karatasi iliyokuwa ya siku ya kwanza itakuwa ya siku ya kwanza, na kuendelea hivyo. Kilichobadilika ni mitihani ya vitendo. Fizikia, Kemia na Biolojia zimehamishiwa siku tatu za mwisho, yaani tarehe 2, 3 na 4 Julai, kwa mfuatano huo. Tangi la maabara linahitaji kusafishwa kabla ya kujazwa, na sampuli za Biolojia zilizokuwa kwenye jokofu zimeharibika, hivyo zitaandaliwa upya. Mtihani wa vitendo wa Kompyuta unabaki Ijumaa ya wiki ya kwanza, tarehe 27, saa 2:30 asubuhi.

Na umeme ukikatika tena? Karatasi zote zitakuwa zimerudufiwa na kufungiwa kabatini kufikia kesho jioni. Mitihani ya nadharia tumeihamisha kutoka ukumbini kwenda madarasa manne yenye madirisha pande zote mbili, na haitasimama kwa sababu ya umeme. Jenereta litatengwa kwa ajili ya mashine za kukuza maandishi peke yake, hata kama ofisi yangu itakaa gizani. Kompyuta ndiyo isiyo na njia ya mkato: umeme ukikosekana tarehe 27, mtihani huo utafanyika Ijumaa tarehe 4 Julai, saa 8 mchana, baada ya Biolojia. Umeme ukikatika katikati ya mtihani huo, msimamizi ataandika saa uliyokatika na saa uliyorudi, na dakika zilizopotea zitarudishwa zote.

Likizo fupi ya Kidato cha Nne, iliyokuwa ianze tarehe 27 Juni, sasa itaanza Jumamosi tarehe 5 Julai. Wazazi mliokwisha kata tiketi za watoto wenu, tafadhali mzibadilishe mapema. Kikao cha wazazi cha kupokea matokeo kimetoka tarehe 5 na kuwa Jumamosi tarehe 12 Julai, saa 4 asubuhi. Hakuna mchango wowote wa ziada unaotakiwa kwa ajili ya mabadiliko haya, na mtu yeyote atakayewaomba fedha kwa jina hilo hakutumwa na shule.

Mtahiniwa mwenye miadi ya hospitali au jambo zito la kifamilia kati ya tarehe 24 Juni na 4 Julai, mzazi wake afike ofisini kabla ya saa 9 alasiri Jumatatu, tarehe 23. Tukijua mapema tutapanga. Tukijua asubuhi ya mtihani, kwa kweli hatutakuwa na la kufanya.

Watahiniwa, ratiba mpya imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ile ya zamani ing'oeni kwenye madaftari yenu. Jumanne muwe mmeketi saa 2:15 asubuhi, na kalamu mbili.

Wenu,

Mkuu wa Shule

Nakala: Mwalimu wa taaluma, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Walezi wa mabweni