Apdeti ya Ijumaa tarehe 6: kuhamisha databesi, kesho hatuhami, tumesogeza hadi Jumamosi tarehe 14

Wakuu habari za kazi. Ijumaa iliyopita niliwaandikia kurasa mbili nikianzia Jumatatu asubuhi, mkuu akanijibu kwa mstari mmoja tu, "kwa hiyo tunahama au hatuhami?" Leo jibu linatangulia, asiye na muda akiishia kwenye KWA UFUPI inamtosha.

KWA UFUPI

Kesho hatuhami. Tunahama Jumamosi ijayo tarehe 14, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 6 usiku, na katika masaa hayo mawili mfumo utakuwa umezimwa kwa kila mtu, stoo, mauzo na uhasibu.

Kilichotuchelewesha ni ripoti zinazotoka na mpangilio tofauti kwenye databesi mpya, MySQL 8.0. Namba ni sahihi ila mistari imebadilishana nafasi, na mfumo haulalamiki hata kidogo, ndo maana nimeogopa. Kuna kweri, yaani maagizo ya kuvuta data, 31 za aina hiyo, 24 tumeshazirekebisha, bado 7.

Hakuna data iliyopotea. Seva ya zamani inafanya kazi kama kawaida, mnaotumia mfumo leo hamna mnachotakiwa kubadilisha.

Ninaomba vitu viwili na nahitaji jibu kabla ya Jumatano tarehe 11 saa 10 jioni: mkuu aidhinishe hayo masaa mawili ya kuzima, na uhasibu watupe mtu mmoja usiku ule wa kuangalia ripoti kabla hatujafungua mfumo.

KWA KIREFU

Kwanza kwa wageni wa habari hii: tunatoka MySQL 5.7 kwenda 8.0. Toleo la 5.7 liliacha kupata marekebisho ya usalama Oktoba 2023, yaani tundu likigundulika leo hakuna wa kutuzibia. Kuna aliyeniuliza kwenye korido mbona hatuendi 8.4 moja kwa moja wakati 8.0 nayo mwisho wake umewekwa Aprili 2026. Jibu ni kwamba 5.7 hairuhusiwi kuruka hadi 8.4, lazima ipite 8.0, kwa hiyo hapa tunapita tu na safari ya pili nitaileta kwenu tukishatulia.

Njia tunayotumia ni hii: seva mpya ya 8.0 imewekwa kama replika ya ile ya zamani, kila risiti inayoingia ya zamani inanakiliwa mpya hapo hapo. Siku ya kuhama tunazuia watu kuandika, tunasubiri mpya ifikie mstari wa mwisho, halafu tunaelekeza mfumo huko. Ili hii iwezekane ilibidi niwashe logi za kunakili kwenye seva ya zamani, na hazikubali kuwashwa bila kuizima na kuiwasha tena, ndo ule mkatiko wa kama dakika mbili mlioupata Jumanne asubuhi. Nilitakiwa niwatangazie kabla, sikufanya hivyo, samahani sana hasa kwa stoo maana najua mlikuwa katikati ya kupokea mzigo.

Sasa kwenye ripoti, hapa naomba mnisome polepole.

Kwenye 5.7 ukiandika kweri yenye GROUP BY, majibu yalikuwa yanatoka yamepangwa hata kama hukuomba. Zawadi ya bure. Kwenye 8.0 zawadi hiyo imeondolewa, usipoandika ORDER BY hakuna anayekuahidi mpangilio wowote. Programu zetu nyingi ziliandikwa zamani na aliyeandika alizoea zawadi, kwa mfano ripoti ya mauzo ya siku kwa tawi ilikuwa hivi:

```sql
SELECT tawi_id, SUM(kiasi)
FROM mauzo
WHERE tarehe = CURDATE()
GROUP BY tawi_id;
```

Jumatano nikaiendesha kwenye seva mpya, ikatoka haraka, jumla kuu ikalingana na ya zamani hadi senti ya mwisho, nikaweka alama ya kijani nikaendelea na mengine. Alasiri dada wa uhasibu akapita mezani kwangu kwa shida nyingine kabisa, akatupia jicho kwenye skrini akasema "mbona tawi la 7 liko juu ya la 2?" Nikamwambia si neno, namba ni zile zile. Akaniangalia vile mnavyomjua anavyoangalia. Kumbe yeye kila asubuhi anakopi safu ile ya kiasi peke yake, anaibandika kwenye faili lake la ekseli ambalo majina ya matawi tayari yameshapangwa 1 mpaka 12. Ina maana tungehama kesho, Jumatatu asubuhi mauzo ya tawi la 7 yangekaa kwenye mstari wa tawi la 2, jumla chini ingekuwa sahihi kabisa, na hakuna ambaye angestuka mpaka matawi yaanze kugombana kuhusu malengo yao mwisho wa mwezi.

Dawa yenyewe ni mstari mmoja, `ORDER BY tawi_id`, kazi iko kwenye kuzitafuta. Nimepekua programu zote nikapata kweri 31 zenye GROUP BY bila ORDER BY. Zile 7 zilizobaki ziko kwenye skripti za kufunga mwezi ambazo kwa kweli sipendi kuzigusa harakaharaka Ijumaa jioni, na kuziharakisha ndo ingekuwa njia pekee ya kuhama kesho. Nimeamua bora tuchelewe wiki.

La pili ni majina. Tuna jedwali linaitwa `groups`, la makundi ya wateja, na safu inaitwa `rank`. Maneno yote mawili 8.0 imeyachukua yakawa yake, kwa hiyo ukiandika `SELECT * FROM groups` unapigwa `ERROR 1064` papo hapo. Hili halinisumbui sana kwa sababu linapiga kelele, tofauti na lile la ripoti. Tumezungushia majina hayo alama za backtick kwenye kweri 19, zote zimeisha na zimejaribiwa.

La tatu ni skana za stoo. Seva mpya ikitengeneza mtumiaji inampa njia mpya ya kuhakiki nywila, `caching_sha2_password`, na programu ya skana ni ya zamani haiijui, ikagoma kuingia kabisa. Kwa sasa mtumiaji wa skana peke yake nimemrudisha kwenye njia ya zamani:

```sql
ALTER USER 'skana'@'10.0.4.%'
IDENTIFIED WITH mysql_native_password BY '********';
```

Skana zimefanya kazi, tumejaribu tatu. Ila hiki ni kiraka, kwenye 8.4 njia hiyo inakuja ikiwa imezimwa, kwa hiyo programu ya skana lazima ibadilishwe kabla ya safari ya pili.

Kingine ni aibu yangu mwenyewe. Jumatatu usiku nilianza kupakia bakapu kwenye seva mpya nikaenda kulala, asubuhi nikakuta imesimama, diski imejaa. Data yetu ni GB 86, diski ni GB 200, nikajiona niko salama. Nilichosahau ni kwamba 8.0 inakuja na logi za kunakili zimeshawashwa na inazitunza siku 30, kwa hiyo kila mstari niliopakia uliandikwa mara mbili, kwenye data na kwenye logi, na faili la bakapu lenyewe nalo limelala kwenye diski hiyo hiyo. Nimerudia Jumanne usiku nikiwa nimezima logi kwa muda wa kupakia tu (`SET sql_log_bin=0`), na faili la bakapu nimelihamishia kwingine. Logi sasa zinatunzwa siku 7, `binlog_expire_logs_seconds=604800`. Sasa hivi diski iko nusu.

Kuna vidogo vidogo pia, mfano seva kukataa kuwaka kwa sababu nilikopi mpangilio wa zamani wenye `query_cache_size` ambayo 8.0 haiitambui tena. Nilifuta mstari ikawaka, tuache hapo.

Kitu kimoja mkuu akifahamu kabla ya kuidhinisha: 8.0 haina kurudi 5.7. Tukishafungua mfumo na risiti ya kwanza ikaingia kwenye seva mpya, kurudi zamani maana yake ni kuingiza upya kwa mkono kila kilichoingia baada ya hapo. Ndo sababu ya kuomba masaa mawili wakati kuhama kwenyewe nakadiria dakika 40, muda unaobaki ni wa kukagua tukiwa bado tuna uwezo wa kughairi.

KINACHOFUATA

Jumatatu na Jumanne namalizia zile kweri 7, nikiwa na kaka wa ripoti pembeni maana skripti mbili ni zake na anajua zinakotoka. Jumatano dada wa uhasibu anaendesha ripoti zake zote za asubuhi kwenye seva zote mbili, analinganisha mstari kwa mstari, sio jumla tu. Nimeshaongea naye amekubali, ila nahitaji bosi wake naye akubali kwa maandishi.

Mkuu, kwako ni ile idhini, Jumatano saa 10 jioni. Ikipita bila jibu nitahesabu tarehe 14 imekufa na tutaangalia tarehe 21, sitazima mfumo kwa kudhani umekubali.

Alhamisi tukiwa na jibu natuma tangazo kwa watumiaji wote, na safari hii nalituma kweli. Ijumaa tarehe 13 mchana tunafanya mazoezi ya kuhama mwanzo mwisho na saa mkononi, kwenye nakala sio kwenye mfumo wenyewe.

Jumamosi yenyewe: saa 4 usiku tunazuia kuandika, nasubiri `Seconds_Behind_Source` isome 0, tunaelekeza mfumo kwenye seva mpya bado mlango umefungwa kwa watumiaji. Halafu mtu wa uhasibu anaangalia ripoti na mtu wa stoo anapiga skana moja. Saa 5 na nusu usiku ndo mwisho wa kuamua, kukiwa na lolote ambalo hatujalielewa tunarudi seva ya zamani na hakuna mtu atakayelaumiwa, tunajipanga upya. Vyote vikiwa sawa saa 6 tunafungua.

Stoo, naomba mnitajie leo nani atakuwa na skana usiku ule. Nipo mezani mpaka saa 11 jioni, baada ya hapo nipigieni tu.