Barua kwa Nekesa na Ochieng kuhusu picha za harusi yenu

Kibuye, Kisumu
Jumanne, 24/3/2026

Dada Nekesa, na Bwana Ochieng,

Habari zenu. Najua mmekuwa mkingoja simu yangu tangu Ijumaa na mimi nikawa naandika tu "naangalia, nipe kidogo". Ukweli ni kwamba kufikia Ijumaa usiku nilikuwa nishajua, nikaogopa kupiga. Kwa hilo pia nisameheni, mngefaa kuambiwa hio usiku.

Ile linki mlisema inakataa kufunguka haijaharibika. Picha zenu za harusi, zile 612 nilizowapa tarehe 3 Januari, nimezidilit mimi mwenyewe. Si hacka, si mtandao, na si nyinyi. Ni mimi.

Nieleze venye ilienda ndio msibaki mkikisia. Kwa draivu yangu ya mtandaoni nilikuwa na folda zenu mbili, moja inaitwa `NEKESA_OCHIENG` na ingine `NEKESA_OCHIENG_2`. Ya kwanza ilikuwa na zile sampuli 40 ndogo ndogo nilizowatumia kwa WhatsApp wiki ya harusi, ya pili ndio ilikuwa na picha zote zikiwa zimeeditiwa, saizi kamili. Tarehe 12 Februari draivu ilijaa na nilikuwa na kazi ya mtu ya kupakia usiku huo huo, nikaona hio `_2` nikadhani ni kopi nilifanya mara mbili kwa makosa, nikaifuta bila hata kuifungua. Sekunde ngapi hapo, tatu? Sasa, kitu ukifuta kwa draivu kinakaa kwa pipa la taka siku 30 kabla kipotee kabisa. Siku 30 ziliisha tarehe 14 Machi. Wewe uliniandikia tarehe 20 ukisema linki inakataa kufunguka.

Siku sita. Nimehesabu mara nyingi sana hizo siku. Na kabla mtu aseme, kuna sauti nilisikia nyuma ya simu ikiuliza "na mbona hamkudaunlodi mapema?" Nataka huyo mtu ajue ni mimi niliwaambia msiharakishe, nilisema linki itakaa mwaka mzima, mkipata wifi nzuri mtachukua polepole ju ni kama GB 9 na bando ni pesa. Hata kwa makubaliano tuliyosaini iko, miezi 12. Mimi nilifuta hata miezi miwili haijafika.

Lakini hio ya kufuta si ndio kubwa, dada, na hapa ndio naona aibu kabisa. Mpiga picha anafaa kuwa na bakapu. Nilikuwa nayo. Faili zenu za ro, yaani picha zote kama zilivyotoka kwa kamera kabla ya kuediti, zilikuwa kwa hadi diski yangu. Katikati ya Januari nilipohama studio kutoka Kondele kuja hapa Kibuye nilibeba vitu na boda, katoni ikateleza pale kwa bampu, na nilipochomeka diski jioni ikaanza kulia tik, tik, tik kama saa ya ukutani na kompyuta haikuiona. Nikaiweka kwa droo. Nikajiambia bora ziko kwa draivu, nitashughulikia nikipata nafasi. Kwa hivyo kutoka hapo hadi 12 Februari, karibu mwezi mzima, harusi yenu ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani na mimi nilijua, na sikufanya kitu wala sikuwaambia mdaunlodi. Kudilit ni mkono umeteleza. Hio ingine ilikuwa uzembe.

Sasa niwaambie nini imepatikana tangu Ijumaa, maana sijalala sana.

Sampuli 40 ziko zote. Ni ndogo, pikseli 1200 kwa upande mrefu, so ukiprinti saizi ya posta kadi zitatoka sawa tu, lakini ukitaka ya kutundika ukutani itakuwa na ukungu. Kati ya hizo kuna ile ya kukhu akipiga vigelegele pale nje ya kanisa, mkono umesongea mdomo hadi hauonekani vizuri, nyuma yake ile matatu ya wageni wa Bungoma ndio inaingia baada ya kukwama Kiboswa. Hio nimeiangalia mara kadhaa nikashukuru Mungu nilikuwa nimeichagua.

Kadi yangu ya kamera imepigiwa harusi zingine tatu juu ya yenu, huko hakuna kitu, nimejaribu. Lakini kadi ya msaidizi wangu, yule kijana alikuwa na fulana nyeusi mkimkumbuka, ilikuwa imefomatiwa halafu ikatumika mara moja tu kwa basdei ndogo Mamboleo. Kadi ikifomatiwa picha hazitoki hapo hapo, zinabaki chini chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nimepitisha programu inaitwa `PhotoRec` usiku mzima wa Jumamosi na imetoa picha 187 zikiwa saizi kamili. Nyingi ni za kanisani upande wa wanaume, mabinti wakishuka gari, keki, na karibu zote za Dunga wakati jua linazama na mko kwa ile mashua ya wavuvi, ju hapo yeye ndiye alikuwa mbele na mimi nimeshika taa. Nimezieditia upya 187 zote. Hazitakuwa na rangi ile ile kabisa ya kwanza, nisiwadanganye, lakini ziko karibu sana.

Ambayo sijapata popote, na najua ndio utauliza kwanza, ni ya mzee wako. Wakati mlifika kwa mlango wa kanisa akasimama, akachukua ncha ya tai akafuta jicho moja, akaangalia kama kuna mtu ameona. Mimi niliona, nikabonyeza mara nne. Zilikuwa kwa kadi yangu. Nimepigia videografa simu Jumapili tukaangalia mkanda pamoja, lakini yeye wakati huo alikuwa amekuelekezea wewe, mzee anaonekana bega tu. Sina maneno ya hio.

Imebaki diski. Niliipeleka kwa fundi hapa taoni, akaniambia niache kuiwasha kabisa ju kila ikiwaka sindano ya ndani inaweza kukwaruza pale picha zimeandikwa, akanielekeza kwa maabara ya Nairobi wanaofungua diski kwa chumba kisicho na vumbi. Nimeituma jana na kuria. Wamesema wiki tatu hivi na hawaahidi kitu, na mimi pia siahidi. Wameniambia 48,000 na hio ni yangu, isiwahusu hata kidogo. Ikifunguka, ro zote zinarudi, pamoja na mzee, na nitaediti zote 612 upya.

Kuhusu pesa. Mlinilipa 65,000. Kazi mliyolipia hamko nayo, kwa hivyo hizo pesa si zangu, hata kama diski itafunguka baadaye. Nimewatumia 30,000 kwa Mpesa leo asubuhi kwa namba ya Bwana Ochieng, tafadhali angalieni kama imeingia. 35,000 iliyobaki sina kwa mkono saa hii, hio ndio hali, nitamaliza kufikia tarehe 30 Aprili na nimeandika karatasi ya deni nikaisaini mbele ya shahidi, nitaleta na mkono. Msinirudishie mkisema ni huruma.

Tena kuna vitu naweza kufanya, mkubali au mkatae, hakuna kimoja kinafuta kingine.

Videografa amekubali kunipa mkanda mzima, si ile ya kukatwa dakika 20 mliyopewa kwa flashi. Alipiga kwa 4K, na fremu moja ya 4K ni kama megapikseli 8, inatosha kutoa picha ya kuprinti mahali ambapo watu hawakuwa wanatembea sana. Viapo, pete, hotuba ya emsii, mama zenu wawili wakicheza, zote nitazitoa moja moja. Nadhani nitapata kama 100 za maana.

Halafu wageni wenu. Kuna mtu ako na picha za simu, hakukosi. Nimewaandikia ujumbe mfupi wa kuweka kwa grupu ya kamati ya harusi, wanitumie kwa namba yangu ya kazi, lakini wachague `Document` wakituma, si picha ya kawaida, ju WhatsApp inazifinya. Sikuutuma mwenyewe kwa grupu kwa sababu sijui kama mngependa watu wajue. Wewe ndio utaamua. Haswa tafuteni yeyote alikuwa amesimama upande wa kushoto wa mlango wakati mzee anaingia, nakumbuka kuna mama wa kitenge cha kijani alikuwa ameinua simu. Huyo mama nimemfikiria sana wiki hii.

Ile picha kubwa ya fremu iko sebuleni kwenu nikiruhusiwa nitakuja kuiskani bila kuiharibu, nirudishe siku hio hio.

Na mkitaka, tutapiga tena. Si kuigiza harusi, hio naona ni upuuzi na sidhani mtataka kuvaa nguo mkijifanya ni Desemba. Nafikiria kwenda Bungoma, kwa gharama yangu, tupige kukhu na mzee na familia yote nyumbani wakiwa wamekaa vizuri, wao kwa wao, jua la saa kumi. Na nyinyi wawili siku ingine hapa Dunga, gauni nitakodisha mimi. Kama mnasikia hamtaki kuniona na kamera tena, kuna mpiga picha mwenzangu anaheshimika hapa Kisumu, nitamlipa yeye aende, na mimi sitatokea.

Kila kitu kikiwa tayari sitawapa linki peke yake. Mtapata flashi mbili, moja yenu na moja ikae kwa wazazi, na albamu ya kurasa 30. Flashi moja yenye zile 187 na sampuli 40 iko tayari mezani hapa, nimeandika majina yenu juu na wino. Linki ya hizo hizo nimewatumia pia kwa imeili, na hii tafadhali daunlodini leo, nimetuma bando ya GB 10 kwa namba yako Nekesa.

Mkitaka kuambia watu kilichotokea, semeni. Sitabishana na mtu, na pesa si za kuwanyamazisha.

Naweza kuleta flashi na ile karatasi Alhamisi jioni baada ya kazi, ama niachie askari wa geti kama hamjisikii kuongea. Niandikieni tu "leta" au "acha geti" nitaelewa. Maabara ikinipigia, saa yoyote, nyinyi ndio nitaambia kwanza.

Poleni sana, dada. Poleni, Bwana Ochieng.

Odhiambo,
mpiga picha wenu