Tafsiri ya tahadhari ya upepo na mvua, Jumanne 12 hadi Alhamisi 14 Mei

Assalamu alaikum manahodha na wavuvi wote wa BMU. Picha ya tahadhari iliyotumwa hapa jana usiku imepigwa upande na mwanga wa taa umemeza katikati, ila maandishi yanasomeka, isipokuwa mstari wa chini kabisa uliokatika. Hii hapa kwa Kiswahili.

*IDARA YA HALI YA HEWA YA KENYA*
*Tahadhari ya upepo mkali, mawimbi makubwa na mvua kubwa*

*Muda:* Jumanne saa 9 alasiri hadi Alhamisi saa 3 usiku. (Kwenye picha ni 1500 na 2100. Mimi nimeandika saa zetu, kwa hiyo msigeuze tena.)

*Baharini. Rangi ya machungwa: jiandae.* Upepo mkali wa kutoka kusini, kasi ya zaidi ya noti 25 (mita 12.9 kwa sekunde), utavuma pwani yote, Lamu hadi Kwale. Mivumo ya ghafla yaweza kufika noti 35. Mawimbi yatazidi mita 2. Uwezekano wa kutokea: mkubwa.

*Nchi kavu. Rangi ya manjano: kuwa macho.* Mvua ya zaidi ya milimita 30 kwa saa 24, pamoja na ngurumo za radi, katika maeneo machache ya Lamu, Tana River na Kilifi. Uwezekano wa kutokea: wa wastani.

*Ushauri:* Vyombo vidogo visitoke. Watu wasivuke maji yanayotiririka, wala wasijikinge mvua chini ya miti.

Tafsiri imeishia hapo. Yafuatayo ni maelezo yangu.

Kwenye picha rangi mbili zinafanana kwa sababu ya ule mwanga. Nimefuata neno lililoandikwa kando ya kila kisanduku, na la baharini ni machungwa bila shaka.

Noti 25 ni kama kilomita 46 kwa saa, na hiyo ni kasi ya kawaida ya upepo wenyewe. Noti 35 ni karibu kilomita 65, inakuja kwa mkupuo na kutulia. Nawaomba sana wenye ngalawa na mashua za tanga msipime safari kwa ile 25. Kusi likikutana na maji yanayotoka mlangoni, wimbi linasimama, na hapo ndipo chombo kinapojaa maji.

“Maeneo machache” inahusu ukubwa wa eneo. Mvua itaruka vijiji vingi, lakini itakaponyesha itakuwa nzito: milimita 30 ni lita 30 za maji kwa kila mita moja ya mraba.

Mwenye ndugu aliyelala nje na nyavu ampigie sasa hivi, awe amerudi kabla ya saa 9. Na aliyetuma picha, tafadhali ipige tena ile sehemu ya chini, huenda ndipo palipoandikwa taarifa inayofuata itatoka lini.