Twiga wa Tendaguru: maneno kwa wawekezaji, Mtwara

Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Msimu wa korosho unabisha hodi na kila mmoja hapa ana mnada kichwani, kwa hiyo sitawaweka sana.

Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale Tendaguru, Lindi. Wapagazi wa kwetu waliibeba kwa miguu, siku kadhaa njiani, hadi bandarini Lindi. Dinosaria mmoja amesimama leo Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Filamu yetu ya katuni, dakika 75, inaanza na wabebaji. Somoe, binti wa miaka kumi, anarithi kwa bibi yake wimbo wa wapagazi, na kila ubeti unamsogeza kwenye mfupa uliosahaulika ardhini. Mfupa wenyewe unaongea, una kiburi, na unajiita twiga.

Walengwa ni watoto wa miaka 6 hadi 12. Mtoto hanunui tiketi, lakini anajua kumsumbua mwenye pochi. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, imeonyesha tangu 2014 kwamba watoto wetu wanafuatilia katuni ya Kiswahili. Nisiwadanganye: hicho ni kipindi cha masomo cha televisheni, hakithibitishi mauzo ya tiketi.

Kwa tiketi tazameni Kirikou ya 1998, hadithi ya kijiji cha Afrika Magharibi: Ufaransa peke yake iliuza zaidi ya tiketi milioni moja. Halafu Flow ya Latvia. Ilichorwa kwa Blender, programu ya bure, kwa takriban yuro milioni 3.5, ikachukua Oscar mwaka 2025. Sisi pia tunatumia Blender. Ila paka wa Flow haongei, na mfupa wetu haunyamazi, basi waigizaji wa sauti lazima walipwe.

Gharama yote ni shilingi bilioni 1.9. Bilioni 1.1 ni mishahara ya wachoraji na wahuishaji 24 kwa miezi 26. Hapo sitapunguza, maana mchoraji mwenye njaa hukimbilia matangazo ya biashara katikati ya kazi. Sauti na muziki milioni 180, kompyuta na jenereta milioni 160, hadithi na michoro ya awali milioni 120, kutangaza na kusambaza milioni 240, dharura milioni 100. Tumeshatia milioni 300 zetu. Tunaomba bilioni 1.6. Mapato ya kwanza yatarudisha mtaji wenu wote, ndipo tugawane nusu kwa nusu.

Tutaiwasilisha kwanza kwenye tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar. Wakitukataa, ratiba haibadiliki: Novemba, pesa za korosho zikiwa mikononi, tunaonyesha kwa turubai na projekta Mtwara, Lindi, Masasi na Newala. Desemba, shule zikiwa zimefungwa, tunaingia kumbi za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Televisheni inafuata baada ya miezi minne. Mtandaoni mwisho, kwa sababu ikishavuja huko hakuna atakayepanga foleni.

Mikataba iko meza ile ya nyuma, na mwanasheria wetu yupo. Sasa naomba taa zizimwe, muone dakika mbili tulizokwisha chora.