Dada, hivi ndivyo utakavyofunga kishikwambi cha Tumaini

Shikamoo dada. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Kaka katuma zawadi kutoka Ujerumani kwa moyo mweupe, na wewe sasa usingizi umekuruka, maana Tumaini ana miaka 10, mvua za Tukuyu hazikatiki, na mtoto anashinda ndani akikodolea kioo. Una haki ya kuogopa. Ila usikifungie kabatini bado. Kufuli zimo humo humo ndani, hakuna tu aliyeziwasha.

Hicho si kama kile ulichopewa shuleni baada ya sensa ya 2022. Kile ni Android, hiki ni iPad. Kaka alishakiweka kwa Kiingereza, kwa hiyo nakuandikia maneno kama utakavyoyaona. Simu yako ni Android pia, basi kila kitu utakifanyia kwenye kishikwambi chenyewe.

Fungua `Settings`, shuka hadi `Screen Time`. Kabla ya chochote, weka namba ya siri palipoandikwa `Lock Screen Time Settings`. Ni tarakimu nne. Isiwe ile ya kufungulia kioo, wala mwaka aliozaliwa Tumaini. Hiyo ataijaribu ya kwanza. Kikiomba barua pepe ya kukusaidia ukiisahau, weka yako wewe. Ukiweka anayoitumia mtoto, umemkabidhi ufunguo.

Sasa muda. `Downtime` ni saa za kishikwambi kulala. Hapa nakuomba uwe makini sana, maana saa zake si zetu. Ukitaka kizime saa mbili usiku, andika `8:00 PM`. Ukiandika 2 umempa hadi saa nane usiku. Kuamka saa kumi na mbili asubuhi ni `6:00 AM`. Na kwa kuwa kimetoka Ulaya, linganisha kwanza saa yake na ya simu yako. Kama zinapishana, nenda `General`, kisha `Date & Time`, uwashe `Set Automatically`.

`App Limits` ni kipimo cha kutwa. Bonyeza `Add Limit`, chagua `Games` na `Entertainment`, weka muda wa saa moja kwa siku. Halafu chini kabisa washa `Block at End of Limit`. Dada, usipite hapo. Mimi mwenyewe kwa mwanangu nilipasahau. Muda ulipoisha kioo kilitoa picha ya shisha ya mchanga na kitufe cha `Ignore Limit`; mtoto akakibonyeza, akaendelea na mchezo wake siku nne, mimi najua nimemdhibiti. Ukiwasha hicho, itabidi aombe muda na wewe uingize namba yako ya siri. Akiwa anamalizia somo utamwongezea dakika 15, hakuna ubaya.

Yale machafu unayoyaogopa zaidi yanashughulikiwa na `Content & Privacy Restrictions`. Iwashe, kisha tafuta `Web Content` ndani ya vipengele vyake, uchague `Limit Adult Websites`. Hapo tovuti za ngono nyingi zitagoma kufunguka, na kupekua kwa siri kwenye Safari kutazimika. Zipo tovuti zitakazoponyoka, sitaki kukudanganya. Kwa umri wake mimi ningechagua lile jingine linaloruhusu tovuti chache tu unazozitaja wewe mwenyewe. Atalalamika wiki ya kwanza. Mwache alalamike.

Humo humo kuna `iTunes & App Store Purchases`. Weka `Installing Apps` kuwa `Don't Allow`, asipakue programu bila wewe. `In-app Purchases` nayo iweke `Don't Allow`. Hili linamlinda na kaka pia: kama akaunti iliyomo ni yake na ina kadi yake ya benki, michezo inayouza almasi na silaha za bandia itamkata yeye kule.

Tundu moja kubwa linabaki. Kichujio hiki kinalinda tovuti, hakiingii ndani ya YouTube kumchagulia video. Futa YouTube, mpakulie YouTube Kids kabla hujazuia upakuaji, na katika siku za mwanzo akae nayo sebuleni ukisikia sauti. Na pakiwa na simu nyingine nyumbani isiyofungwa, kama ile ya shemeji, kazi yote hii ni bure.

Jambo la mwisho, usimfanyie haya akiwa amelala. Mkalishe, mwonyeshe saa zake, mwambie na akikutana na kitu cha kumtisha akuletee bila kuogopa fimbo. Watoto wengi wananyamaza kwa sababu wanajua kishikwambi kitachukuliwa.

Jumamosi napanda basi la asubuhi hapa Mwanjelwa, tutakikagua pamoja kitufe kwa kitufe. Namba ya siri andika kwenye kidaftari chako cha vikoba, na mjomba wake nikikuuliza mbele ya Tumaini, usinitajie.