Barua kwa Mama Salma kuhusu usingizi wa Neema

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili, 2 Februari 2025

Shikamoo Mama Salma,

Siku ile tulipokuja kukiona kituo chako cha kulelea watoto uliniuliza Neema analalaje, nikakujibu juu juu tu kwamba hasumbui, maana alikuwa anang'ang'ania kuvuta pazia lako. Kesho ndiyo anaanza, na sasa hivi amelala, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukujibu vizuri. Mama yake ni muuguzi, zamu zake nyingi ni za usiku, hivyo kumlaza mtoto kwetu ni kazi ya baba.

Kubwa ninaloomba ni hili: usimsubiri alie. Wewe umelea watoto wengi kuliko mimi, unajua wapo wanaolia kidogo, wanabebwa, wanasinzia. Neema siyo wa hivyo. Akifika kulia, usingizi umeshampita, na hapo unaweza kumbembeleza saa nzima bila mafanikio. Dalili zake huanza mapema, ila ni za kimyakimya, na kwenye chumba chenye watoto kumi ni rahisi kuzikosa.

Ya kwanza ni kupoa. Ni mtoto wa kuchakura, kila kifuniko atakijaribu kwenye kila kopo. Ukiona kitu kimemdondoka mkononi na hajainama kukitafuta, na macho yameganda ukutani kana kwamba kuna mtu pale, muda umefika. Baada ya hapo huanza kuvutavuta sikio la kushoto. Tulishampeleka hospitali kwa ajili ya sikio hilo, likaangaliwa, halina tatizo, ni mazoea yake ya usingizi tu. Lakini akilishika huku ana joto au analia ukiligusa, hilo ni jambo jingine, naomba unipigie. Nyusi nazo hubadilika, huwa nyekundu kwa mbali. Inabidi umkalie karibu ndipo uone.

Miayo usiitegemee, hupiga mara chache sana. Kupikicha macho hupikicha, ila ukiona hivyo umebaki na dakika chache.

Zikipita hizo bila kulazwa, anachangamka. Hapa ndipo wageni wetu wote hudanganyika. Atakimbia, atacheka kwa sauti ambayo siyo yake, atajikwaa kwenye sakafu isiyo na kitu, na mwenzake akimsogelea anaweza kumng'ata. Bibi yake husema, "Huyu hana usingizi, mwacheni acheze." Anao, tena umemzidi. Ukimwona hivyo mtoe kwenye kelele, mpeleke mahali penye giza kidogo, umkalishe mapajani bila kumrusharusha wala kumchekesha. Itachukua muda, ila atashuka.

Sasa kuhusu saa. Ana miezi 16. Mpaka Krismasi alikuwa analala mara mbili mchana, sasa ameanza kubaki na mara moja. Akiamka saa kumi na mbili asubuhi, usingizi humkamata kama saa tano na nusu. Najua ratiba yako ni chakula saa sita, kulala saa saba, na siombi uipindue kwa ajili ya mtoto mmoja. Ila kwa wiki hizi za mwanzo, ikiwezekana apewe chakula chake saa tano hivi, hata kama ni viazi nitakavyomfungia mwenyewe kwenye kontena, kisha alale akiwa ameshiba. Ukimlaza na njaa ataamka baada ya nusu saa, na akicheleweshwa mpaka saa saba atasinzia na ubwabwa mdomoni, jambo ambalo linanitia hofu ya kupaliwa. Taratibu tutamsogeza mpaka afikie wenzake. Nyumbani nami nitamsogeza robo saa robo saa siku za Jumamosi na Jumapili.

Bajaji ndiyo adui yetu. Tukikaa kwenye foleni asubuhi husinzia, na dakika kumi za bajaji zinatosha kumvurugia mchana mzima, maana hapo hatasikia usingizi mpaka saa saba. Nitakuwa naandika kwenye daftari lake ameamka saa ngapi na kama amesinzia njiani. Akiwa ameamka alfajiri sana, au ana mafua, anaweza kuhitaji kausingizi kadogo saa tatu asubuhi. Usimnyime, ila kasizidi nusu saa.

Kumlaza kwenyewe siyo kazi ngumu. Badilisha nepi kwanza, maana mkojo humwamsha. Kwenye begi kuna kipande cha kanga ya bibi yake, cha njano. Atakikunja mwenyewe na kukiweka shavuni. Nimekata vipande viwili ili kimoja kibaki nyumbani, kwa hiyo kikichafuka kirudishe tu, msihangaike kukifua. Mlaze kwenye godoro akiwa bado macho, kaa pembeni, mpigepige mgongoni polepole. Hujizungusha mwenyewe akalalia tumbo, mwache. Wimbo wowote unamfaa, hata wa kuguna, mradi usibadilishe katikati. Ukimbeba mgongoni atalala haraka, sikatai, lakini ukimshusha tu anafumbua macho, na wewe una wengine wa kuwaangalia. Chupa ya maziwa asipewe akiwa amelala chali.

Kelele za kawaida hazimsumbui. Tunakaa karibu na gereji, amezoea nyundo. Anachoshtuka ni mlango kubamizwa. Joto nalo, hasa Februari hii: kichwa chake hutoka jasho mpaka mto unalowa, kwa hiyo abaki na fulana nyepesi tu, na feni isimpige usoni moja kwa moja. Umeme ukikatika fungua dirisha la upande wa upepo, neti ibaki imeshuka.

Baada ya dakika kama arobaini atajigeuza na kulalamika macho yakiwa yamefumbwa. Hajaamka huyo. Usimnyanyue wala usimwite jina. Weka mkono mgongoni, subiri kidogo, atazama tena. Akiendelea vizuri hulala saa moja na nusu, siku nyingine mbili. Ikifika saa nane na nusu hajaamka, naomba umwamshe kwa kufungua pazia, maana akipitiliza mpaka saa kumi jioni, usiku huwa tunakesha naye.

Akiamka huwa na kisirani. Mpe maji kwenye kikombe chake, mwache akae kimya mapajani au kwenye mkeka, usimsemeshe sana. Baadaye atakuja mwenyewe kukuonyesha kifuniko.

Jambo moja la mwisho, na nalisema kwa heshima, maana najua siyo tabia ya kituo chako. Neema asipewe dawa yoyote ya kumlaza, hata sirapu ya mafua inayosemekana haina neno. Siku atakayogoma kulala kabisa, mwache akae kwenye mkeka na kanga yake, jioni tutamlaza mapema, haitaharibika kitu.

Wiki ya kwanza huenda asilale vizuri kwa ugeni tu. Sitashangaa wala sitalaumu. Naomba tu uniandikie kwenye daftari amelala saa ngapi na ameamka saa ngapi, ili nijue jioni nimpeleke kitandani muda gani.

Simu yangu huwa siisikii nikiwa kwenye mashine za kuchomelea. Usiponipata, mpigie mama yake mdogo, namba yake nimeiandika ndani ya jalada la daftari. Yuko hapo Segerea, atafika kabla yangu.

Asante sana, Mama.

Baba Neema

Nimesahau: vifuniko vyako vya sufuria viwekwe juu.